Siku moja maishani mwangu: kontra ya fishi 120

Saa 12 asubuhi

Juni ni mwezi wa baridi Lubumbashi. Umeme umekatika tangu usiku, kwa hiyo nasoma kontra nikiwa ndani ya koti, kwa mwanga wa simu, huku mama akikaanga mikate ya kuuza pale barazani. Kurasa nne za Kifaransa. Saa 8 mchana nasubiriwa mjini kuzitia saini.

Kazi yenyewe naijua. Nilimaliza masomo ya lugha mwaka jana, na kampuni moja inayofundisha wafanyakazi wa migodi mambo ya usalama inataka fishi zake 120 ziwekwe katika Kiswahili ambacho dereva wa kamyo la mgodini atakielewa bila kuuliza. Fishi moja ni ukurasa mmoja. Bei ni dola 8 kwa fishi, jumla dola 960. Kuhusu bei tulishaelewana wiki iliyopita. Kaka yangu anasema basi, mengine ni maneno ya karatasi tu.

Mimi vifungu viwili vinanisumbua. Cha 5 kinasema nitalipwa siku 60 baada ya kazi kupokelewa rasmi, na baada ya kampuni yenyewe kulipwa na mgodi. Cha 11 kinasema kampuni inaweza kuvunja mkataba siku yoyote, bila preavi wala fidia, na hapo nitalipwa ile kazi iliyopokelewa rasmi peke yake. Mimi siruhusiwi kuvunja kabla ya fishi ya mwisho.

Saa 2 asubuhi

Yaya mmoja wa mtaa wetu wa Katuba ni avoka. Kila mtu humwita Metre, hata watoto. Nimemkuta anafungua geti la gari, na amenipa muda wa chai.

Nilianza kwa kumuuliza kama kodi ya kazi, yaani sheria ya wafanyakazi, hainilindi. Hailindi. Ile sheria ya 16 Oktoba 2002 inamhusu mfanyakazi aliye chini ya amri ya mwajiri: anaambiwa aingie saa ngapi, afanyie wapi, kwa namna gani. Mimi nafanyia nyumbani, saa ninazotaka, natoa kazi na fakture. Kwa hiyo preavi ya sheria, siku za mapumziko, hesabu ya mwisho ya mwajiriwa, vyote si vyangu. Kinachonishika ni sheria ya mikataba, dekre ya 30 Julai 1888, ambayo mpaka leo ndiyo tunayotumia. Kifungu chake cha 33 kinasema makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya.

"Unasikia? Sheria yako ni hii karatasi," akasema, akigonga kurasa zangu kwa kijiko. "Kama haisemi preavi, usiende kutafuta preavi kwingine."

Kisha akafanya kitu ambacho sikuwa nimefikiria. Aliviweka vifungu vyote viwili pamoja na kunitaka nionyeshe nani anaamua kwamba kazi "imepokelewa rasmi". Nikatafuta. Ni kampuni, kwa kusaini prosevebali. Inasaini ndani ya siku ngapi? Hapajaandikwa. Basi, akasema, tuseme umepeleka fishi 60. Wanazitumia darasani, lakini prosevebali haijasainiwa, bosi yuko safarini. Mwezi unapita. Halafu wanakuandikia kwamba mkataba umevunjwa. Zilizopokelewa rasmi ni ngapi?

Sifuri. Fishi 60 ni dola 480, na kwa karatasi hii siwadai hata samahani.

Ukisoma kifungu cha 5 peke yake, unaona malipo yanayochelewa tu. Ukisoma cha 11 peke yake, unaona ukali wa kawaida wa wenye kampuni. Shimo liko kati yao, kwenye lile neno "rasmi" lisilo na tarehe.

Saa 4 asubuhi

Umeme umerudi. Nimekaa mezani kuandika mapendekezo, mepesi kiasi cha mtu kuyasoma akiwa amesimama.

La kwanza ni kazi kugawanywa mafungu matatu ya fishi 40. Kila fungu lina thamani ya dola 320. La pili ni muda wa kukagua: siku 10 tangu nilipotuma kwa imeli. Wakiwa na makosa ya kunionyesha, wayaandike ndani ya siku hizo. Wakinyamaza, fungu limekubaliwa. Hili ndilo Metre alilipigia mstari mara mbili, kwa sababu linaondoa ufunguo mikononi mwa bosi aliye safarini. La tatu, siku 30 za malipo zihesabiwe tangu hapo, bila kungoja mgodi uwalipe. Makubaliano yao na mgodi siyajui, sijayasoma, na siwezi kumdai mtu ambaye sikusaini naye.

Nimeomba pia avansi ya asilimia 30, yaani dola 288. Hiyo inakatwa kidogo kidogo, dola 96 kwa kila fungu, kwa hiyo fakture ya kila fungu inabaki dola 224. Mara tatu ni 672, ukiongeza avansi unarudi kwenye 960.

Kuhusu kuvunja: kila upande uwe na haki hiyo, kwa barua na preavi ya siku 15, na fishi zote zilizokwisha siku hiyo zilipwe kwa idadi, hata kama fungu halijatimia.

Saa 8 mchana

Ofisi iko katikati ya mji, na basi limenishusha mbali kidogo, nikafika na vumbi la kiangazi mpaka kwenye kola. Aliyenipokea ni mama wa kontra, mtu mzima, mpole, mwenye miwani shingoni. Alitarajia nisaini niende.

"Kontra yetu iko modeli moja, mwanangu. Batu bote banasinya hii hii."

"Naelewa, mama. Mimi naomba tu tuweke tarehe mahali ambapo hakuna."

Nadhani hilo lilisaidia, kuomba tarehe kuliko kuomba huruma. Mafungu matatu aliyakubali hapo hapo. Hata wao yanawafaa, wataanza kufundisha na fishi za kwanza bila kungoja zote. Siku 10 za kukagua alizipigia simu kwa mtu wa juu, akarudi na ndiyo. Siku 30 zilichukua muda mrefu zaidi. Kwanza walitaka 45, kisha wakataka yale maneno ya "baada ya mgodi kulipa" yabaki. Nikasema naweza kukaa na 45 kama maneno hayo yataondoka. Akapiga simu tena. Mwisho tumepata 30 bila mgodi, na mimi nimeacha ombi la faini ya ucheleweshaji, ambayo walisema hawampi mtu yeyote. Badala yake kimeingia kifungu kwamba wakichelewa zaidi ya siku 15 baada ya tarehe ya malipo, naweza kusimamisha kazi, na muda wangu wa kutoa fungu linalofuata unasogea kwa siku hizo hizo.

Kwa upande wangu, kusimamisha kazi kuna nguvu kuliko faini. Faini ya dola tatu nne ningeidai mahakama gani? Kontra inasema mahakama za Kinshasa, huko kwenye makao makuu yao, na mstari huo wamekataa kabisa kuubadilisha. Tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi ingemeza fungu zima.

Tulipofika kwenye kuvunja, yeye ndiye aliyeniuliza swali zuri.

"Tukivunja katikati, avansi inakuwa namna gani?"

Tukafanya hesabu pamoja nyuma ya bahasha. Chukua fungu la kwanza limelipwa, nami nimefika fishi ya 20 ya fungu la pili. Kazi iliyokwisha ni fishi 60, dola 480. Mkononi nina avansi 288 na fakture ya 224, jumla 512. Nimeshika dola 32 ambazo sijazifanyia kazi. Sikuwa nimeliona hilo, nami nilidhani naijua hesabu yangu. Tumeandika hivi: kampuni ikivunja bila kosa langu, ziada ya avansi inabaki kwangu, nikivunja mimi, au kosa likiwa langu, nairudisha ndani ya siku 15. Kosa maana yake nimeandikiwa barua ya kunitaka nirekebishe, na siku 10 zimepita bila kurekebisha. Naona ni haki kwa pande zote, ingawa Metre angenung'unika.

Jambo moja dogo limepita haraka: kiasi kilichoandikwa ni kile kinachonifikia. Pesa itatumwa kwa dola kwenye simu, na gharama za kutuma ni zao. Wakilipa kwa faranga, itakuwa kwa bei ya Benki Kuu ya siku ya malipo, maana kati ya siku ya fakture na siku ya malipo faranga inaweza kuwa imekwenda mbali. Na haki ya kuzitumia fishi inahamia kwao fungu likishalipwa. Karatasi ya kwanza ilisema zikishatumwa.

Saa 10 alasiri

Sekretari amechapa upya. Nimesoma tena kurasa zote, siyo zile mbili tulizobadilisha tu, na ukurasa wa 3 maneno ya mgodi yalikuwa yamebaki kwenye sentensi ya mwisho ya kifungu cha malipo. Labda yalisahaulika. Yameondolewa. Tumeweka parafe chini ya kila ukurasa, kwenye nakala mbili, nikaandika kwa mkono "nimesoma na kukubali", tarehe 3 Juni, saini. Nakala moja nimeondoka nayo.

Saa 1 jioni

Avansi imeingia kwenye simu, dola 288 kamili. Nimetuma imeli ya kukiri kuipokea, nikitaja namba ya kontra. Metre alisema kila kitu kiende kwa maandishi: hata wakinipigia simu kubadilisha neno moja, niwaandikie baadaye "kama tulivyosema leo kwenye simu".

Kisha nimepanga kalenda, na hapo ndipo nimeona hatari iliyobaki. Ukaguzi ni siku 10, malipo 30, kwa hiyo fungu linakaa siku 40 bila pesa. Nikitoa fungu la pili ndani ya siku hizo nitakuwa nimetoa kazi ya dola 640, mkononi nina 288, na 352 ziko nje. Hizo naweza kuzivumilia. Nikitoa na la tatu zitakuwa 672, na hizo siwezi. Kwa hiyo fungu la tatu nimelipanga kwa Agosti, baada ya tarehe ya malipo ya la kwanza.

Saa 2 usiku

Bukari, sombe na samaki kidogo. Mama anataka kujua pesa ya pili itaingia lini, kwa sababu mwenye nyumba naye ana tarehe zake. Nimemwonyesha kwenye simu: fungu la kwanza natuma 17 Juni, ukaguzi unaisha 27 Juni, fakture siku hiyo hiyo, siku 30 zinafika 27 Julai.

"Hiyo ni siku ya Mungu," akasema.

Kweli, ni Jumapili. Nimeandika Jumatatu, 28 Julai, nikamwambia mama kwamba mwenye nyumba tumwahidi mwisho wa mwezi.