Nane ya kwenye karatasi

Mahari ya mdogo wangu imepokelewa, na bati la chumba cha nyuma limepigwa hatimaye, lakini tangu jana nikikaa tu kimya naisikia sauti ya mama mmoja, mteja wangu wa dukani: "Mwanangu, si wewe uliyeandika saa nane?"

Mnakumbuka niliwaahidi watoto kwamba mwaka huu nitawapeleka viwanja vya Nane Nane. Siku yenyewe, tarehe 8 Agosti, imeangukia Ijumaa, kwa hiyo Jumatano jioni nikachukua maki peni na kuandika: NANE NANE TUPO 8:00–2:00. Nikabandika mlangoni pa duka langu la chakula na chanjo za kuku. Kichwani nilikuwa naisoma saa ya simu, yaani saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana.

Yule mama alipita Alhamisi kununua chakula cha kuku, akaisoma kama anavyoitaja saa siku zote. Nane ni saa nane mchana, mbili ni saa mbili usiku. Nimeirudia karatasi ile mara nyingi nikitafuta neno ambalo lingemshtua. Hakuna. Kwangu ni saa sita za kazi, kwake pia ni saa sita, na duka kufunguliwa mchana siku ya sikukuu ni jambo la kawaida kabisa.

Ana vifaranga hamsini. Ijumaa walitimiza siku ya saba, siku ya chanjo ya kwanza ya mdondo, ile ya kuweka kwenye maji. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha: waondolee maji saa moja au mbili kabla, wawe na kiu, ili dawa ikiwekwa wote wanywe na imalizike ndani ya saa mbili. Akafuata. Saa sita na nusu akaondoa vinyweshea, akabeba chupa ya chai yenye barafu ya kutunzia dawa, akapanda daladala kutoka Mlali. Saa nane na robo akakuta kufuli.

Akasubiri, kwa sababu karatasi ilisema tutakuwepo hadi usiku. Akakaa kwenye ngazi mpaka saa kumi. Nyumbani kulikuwa na mjukuu aliyeambiwa asiwape maji mpaka bibi arudi, na mtoto akatii. Maji yaliporudishwa jioni, vifaranga wakarukiana, wakalowana manyoya, usiku ukawakuta na ubaridi. Watatu wamekufa.

Jana asubuhi akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, si wewe uliyeandika saa nane?"

"Mama, ile nane ilikuwa saa mbili asubuhi."

"Na ile mbili?"

"Saa nane mchana."

Akaniangalia kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi. "Sasa nane ikiwa mbili, na mbili ikiwa nane, mimi nisome nini?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kumpa chanjo bure, akakataa, akahesabu hela yake mpaka sarafu ya mwisho. Nikadhani ataondoka na hatarudi tena. Badala yake akaisogeza ile maki peni iliyokuwa juu ya meza, akasema, "Andika tena, nione." Nikaandika hapo hapo, sikukuu ikiwa imeshapita:

IJUMAA TAREHE 8 AGOSTI (NANE NANE)
TUNAFUNGUA SAA 2:00 ASUBUHI
TUNAFUNGA SAA 8:00 MCHANA
JUMAMOSI TAREHE 9 AGOSTI
TUNAFUNGUA SAA 1:30 ASUBUHI KAMA KAWAIDA

Akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, bila kukwama popote. Alipofika kwenye "asubuhi" akagonga karatasi mara mbili. "Hili neno tu ndilo ulinyima." Kisha akaongeza ambalo sikuwa nimelifikiria: afadhali nimeweka "tunafungua" na "tunafunga", kila moja na saa yake, maana kile kistari cha katikati si kila mtu atakielewa. Nikajaza barafu mpya kwenye chupa yake, nikafunika kichupa cha chanjo vizuri, tukaagana akicheka habari za mjukuu wake anayetii kupita kiasi.

Karatasi ile sijaitupa. Nimeibandika ndani, juu ya friji la chanjo, ninakili kila sikukuu ikifika, nibadilishe siku na saa tu.

Kitinda mimba wetu amerudi kutoka viwanjani na kikohozi kikavu. Nilidhani ni vumbi la Ijumaa, lakini tangu nianze kuandika haya amekohoa mara nne, na sasa hivi mama yake amewasha taa.