Tiketi nne, mteja mmoja

Leo nimekaa na orodha ya vipimo 14 vya dawati letu la huduma kwa wateja, nikitafuta vitatu vya kubaki navyo. Kilichonisukuma ni mteja mmoja wa wikendi iliyopita ambaye bado sijamtoa kichwani.

Alinunua muda wa maongezi kupitia kwetu Jumamosi saa 2 usiku. Pesa ikakatwa, vocha haikuingia. Akatuandikia, na ndani ya dakika 4 akajibiwa "pole, tunalifanyia kazi", kisha tiketi ya lalamiko lake ikafungwa. Akarudi tena, na tena, na tena. Kila mara ikafunguliwa tiketi mpya, ikafungwa kwa dakika 6, kisha 5, kisha 9. Kwenye ripoti yetu hizo ni tiketi nne zilizomalizwa kwa wastani wa dakika 6. Vocha yake iliingia Jumapili saa 4 usiku. Alisubiri saa 26, na ripoti ikatusifu mara nne.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kimebadilika. Hatuhesabu tena tiketi, tunahesabu muamala. Saa inaanza kukimbia pale mteja anapolalamika mara ya kwanza kuhusu namba fulani ya muamala, na inasimama vocha inapoingia kwenye simu yake au pesa inapomrudia. Akipiga simu, akituma ujumbe, akirudi kesho yake, saa ni ileile.

Wastani nao nimeuweka kando. Chukua malalamiko kumi: tisa yameisha kwa dakika 10 kila moja, la kumi limechukua saa 30. Wastani unatoka saa 3 na dakika 9, na hakuna hata mtu mmoja aliyesubiri muda huo. Nitaandika mambo mawili tu: ukiwapanga wateja kwa muda waliosubiri, wa katikati alisubiri kiasi gani, na wangapi walivuka saa 4. Hao waliovuka nataka kusoma habari zao mmoja mmoja.

Kipimo cha pili hakina maneno mengi: kati ya tuliodhani tumewamaliza, wangapi wamerudi ndani ya siku 3 kwa muamala uleule. Kikipanda, ujue watu wanafunga mapema.

Cha tatu ndicho nilichokipigania zaidi kwenye kikao cha mchana. Ukimwambia mhudumu kwamba anapimwa kwa haraka, atafanya jambo la haraka kuliko yote, yaani kurusha vocha upya au kurudisha pesa papo hapo. Shida ni kwamba muamala wetu hauna majibu mawili tu. Kuna uliofanikiwa, kuna ulioshindikana, na kuna ule ambao kampuni ya simu haikujibu kwa wakati, kwa hiyo hatujui kama vocha imeenda au la. Wa aina hii ukiurudia bila kuuliza, vocha ya kwanza huenda ikaingia baadaye na mteja akapata mbili. Akishaitumia huwezi kumnyang'anya. Njia sahihi ni kuuliza kwanza hali ya muamala kwa namba yake ya kumbukumbu, kusubiri jibu, ndipo uchague kurusha au kurudisha. Kwa hiyo tutahesabu pia miamala iliyofidiwa mara mbili. Itaonekana kila asubuhi tunapolinganisha daftari letu na la kampuni ya simu.

Dada mmoja wa zamu ya usiku akaniuliza swali la haki kabisa: "Na kampuni ya simu ikikaa kimya saa 5, hiyo nayo ni yangu?" Si yake. Tumekubaliana saa igawanywe vipande viwili, muda uliokaa kwetu na muda uliokaa kwao. Mteja anahesabiwa vyote viwili, timu inapimwa kwa cha kwanza. Ila nimeona hatari yake: tiketi yoyote ngumu inaweza kuegeshwa kwenye "inasubiri kampuni ya simu" na kusahauliwa. Ndiyo maana kipande cha pili hakianzi mpaka ulizo liwe limetumwa kweli na muda wake umeandikwa.

Idadi ya malalamiko kwa kila miamala 1,000 nimeiondoa kwenye karatasi ya timu. Mtandao ukiyumba malalamiko yanapanda, na wahudumu hawana kosa. Namba hiyo nimeipeleka kwa mafundi wa mfumo. Nyota wanazotoa wateja nazo zimetoka, maana wengi huzipa vocha iliyochelewa na si mtu aliyewasikiliza.

Jioni nimerudi kwenye miamala ya wiki iliyopita, nikaipanga upya kwa namba ya muamala. Nimefika Alhamisi. Tayari nimekuta mwingine aliyefungiwa tiketi tatu, na vocha yake mpaka sasa haijaingia. Nimeshamwandikia mtu wa zamu.