Nilivyotenganisha pesa ya saluni na pesa yangu, mpaka hesabu ya kodi ikaacha kuninyima usingizi

Nina saluni ndogo, nasuka, natengeneza kucha na wikendi napaka mekapu za maharusi. Biashara ni yangu mwenyewe, sijasajili kampuni, nina msaidizi mmoja tu. Naandika hii kwa wale wenye saluni kama yangu ambao pesa yote inaingia kwenye simu moja na kutoka kwenye simu hiyohiyo, maana miaka miwili mizima nami nilikuwa hivyo na ilinigharimu.

Mwaka wa pili nilienda kujaza ritani ya kodi na taarifa ya akaunti mkononi, kurasa kibao. Humo ndani kuna pesa za wateja, kuna pesa dada yangu aliyonikopesha ninunue kiti cha kuoshea nywele, kuna mchango wa msiba niliokusanya kwa niaba ya familia, na kuna pesa yangu mwenyewe niliyotoa akiba nikaiweka pale ili nilipe kodi ya fremu. Aliyekuwa anapitia akaniuliza swali moja tu, hii na hii ni nini? Sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Na ukishindwa kueleza pesa iliyoingia basi inahesabiwa ni mauzo, kwa hiyo mkopo wa dada na mchango wa msiba vyote vikaingia kwenye mapato yangu. Iliniuma sana kwa sababu nilikuwa nalipia kodi pesa ambayo siyo yangu na nyingine nadaiwa.

Nina mteja wangu wa siku nyingi, mama mtu mzima, ni mhasibu. Siku hiyo namsuka nikamsimulia, akaniambia nimletee daftari langu alione. Akafungua akakuta nimeandika "mshahara wangu" kwenye matumizi kila mwezi. Akasema, "Mdogo wangu, hii futa. Wewe na saluni ni mtu mmoja mbele ya kodi, huwezi kujilipa mshahara halafu uuite gharama. Hiyo ni pesa ya mwenye biashara imetoka, basi." Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho nadhani wengi wetu hatukielewi, yaani faida inahesabiwa kabla hujachukua chako, uichukue yote uile au uiache yote kwenye akaunti, kodi ni ileile. Na kinyume chake pia, pesa yako ukiiingiza kwenye biashara siyo mauzo, ni mtaji. Msaidizi wangu yeye ni tofauti, malipo yake ni gharama halali lakini lazima asaini amepokea.

Kwa hiyo nikaanza na laini. Nikasajili laini mpya ya simu kwa ajili ya saluni tu, nikaiunganisha na akaunti mpya benki, namba hiyo ndo nikaibandika ukutani na ile ya zamani nikaitoa kabisa. Wateja wa zamani waliendelea kutuma kule kama miezi mitatu hivi, usigombane nao, kila ikiingia kule naihamishia laini ya saluni jioni hiyohiyo kiasi kilekile bila kupunguza na naandika jina la mteja. Ukipunguza hata kidogo umeshaharibu maana kilichoingia na ulichoandika havitafanana tena.

Halafu daftari. Nilijaribu programu ya simu nikaiacha, mikono yangu muda wote ina mafuta au gundi ya kucha, daftari la kawaida ndo linanifaa. Nimechora safu: tarehe, kazi gani, keshi iliyoingia, ya simu iliyoingia, iliyotoka kwa biashara, na ya mwisho nimeandika MIMI kwa herufi kubwa. Safu ya MIMI ndo imeniokoa. Chochote nikichukua kwa ajili yangu, hata cha nauli, kinaenda pale, hakiendi kwenye matumizi ya biashara. Na upande wa pili wa ukurasa naandika pesa iliyoingia ambayo siyo mauzo, mkopo, mtaji wangu, nani katoa na lini.

Jioni nafunga hesabu kabla sijazima taa, ni kama dakika kumi. Nitawaonyesha siku moja ilivyokuwa, namba nazirahisisha. Asubuhi nilianza na chenji ya 50 kwenye droo. Daftari likasema keshi imeingia 180, ya simu 240. Nilitoa 25 kununua pamba na dawa ya kufutia rangi ya kucha, na 30 nikachukua mwenyewe. Kwa hiyo droo ilitakiwa iwe na 50 jumlisha 180, toa 25, toa 30, yaani 175. Nikahesabu nikakuta 155. Imepungua 20. Zamani ningemwangalia msaidizi wangu vibaya na kulala na kinyongo. Sasa nikafungua meseji za laini ya saluni nikajumlisha zilizoingia siku hiyo, nikapata 260 na siyo 240. Imezidi 20 kule, imepungua 20 huku, basi kuna mtu kalipa kwa kugawa. Nikamuuliza msaidizi, akakumbuka, "Dada, yule wa kucha alitoa arobaini mkononi, ishirini akatuma, mi nikaandika sitini yote keshi." Tukarekebisha, keshi 160, simu 260, jumla ileile 420. Kama ningesubiri mwisho wa mwezi hakuna ambaye angekumbuka yule wa kucha. Ikizidi upande mmoja na kupungua upande mwingine kwa kiasi kilekile ni kuandika vibaya, ikipungua upande mmoja tu bila mwenzake kuzidi hapo ndo kuna pesa imetoka haijaandikwa, na mara nyingi aliyeitoa ni mimi mwenyewe.

Kwenye ile 260 kulikuwa na 40 ya bibi harusi aliyetuma amana ya kushika nafasi Jumamosi. Amana zilinitesa sana. Bei ya kazi yake ilikuwa 100, ametanguliza 40, Jumamosi akamalizia 60. Mi zamani Jumamosi nilikuwa naandika "mekapu ya harusi 100" kwa sababu ndo bei ya kazi, nasahau kwamba 40 ilishaandikwa siku ile, kwa hiyo daftari linasoma 140 kwa kazi ya 100. Fikiria maharusi wa msimu mzima, nilikuwa najipandishia mauzo mwenyewe na kuyalipia kodi. Sasa hivi naandika pesa siku inapoingia mkononi na siandiki bei ya kazi kwenye safu ya pesa. Pembeni ya amana naandika jina na tarehe ya kazi, akija kumalizia narudi kwenye ule mstari naweka tiki. Akiahirisha nikamrudishia, naandika imerudishwa, kwa jina lake vilevile. Wenye mashine ya kadi pia angalieni, mteja akilipa 60 na akaunti ikapokea pungufu kwa sababu ya makato, mauzo ni 60 na makato yanaandikwa kama gharama, usiandike tu kile kilichofika.

Risiti nazo zina habari yake. Nilikuwa naziweka kwenye kopo juu ya shelfu, chini yake kuna draya. Baada ya miezi kadhaa nikafungua nikakuta nyingine zimekuwa nyeusi tii na nyingine hazisomeki kabisa, maandishi yamepotea. Zile karatasi laini za mashine hazina wino, zinaandikwa kwa joto, kwa hiyo joto la draya linaziunguza, na mafuta au dawa ya kufutia kucha ikizigusa inafuta. Sasa risiti ikiingia tu naipiga picha siku hiyohiyo ikiwa mbichi, naandika namba yake kwenye mstari wa daftari, halafu naiweka kwenye bahasha ya mwezi husika mbali na joto. Kitu nilichonunua kwa mtu asiye na risiti namwandikia kikaratasi, tarehe, kitu, kiasi, anasaini. Siyo kila mahali kikaratasi hicho kinakubalika kupunguza kodi lakini droo yangu angalau inaelezeka. Na kuna sehemu wafanyabiashara wadogo wanakatwa kodi kwenye mauzo ghafi bila kuangalia gharama, kama ndo utaratibu wa kwenu basi nguvu zako nyingi ziwe kwenye kuandika mauzo sawasawa, maana huko kila kosa la mauzo linalipiwa lote.

Vitu vya katikati ndo vinahitaji uaminifu. Nikinunua katoni ya mafuta chupa 12 na mbili nikazipeleka nyumbani, gharama ya biashara ni chupa 10, zile mbili nazihamishia safu ya MIMI kwa bei niliyonunulia. Nywele nikizichukua kujisuka mwenyewe, vilevile. Simu yangu nilikaa mwezi mmoja naandika matumizi, ikaonekana karibu 7 kati ya 10 ni wateja, kwa hiyo nahesabu sehemu hiyo tu na ile karatasi ya mwezi mmoja nimeitunza, nikiulizwa nimeipataje naionyesha.

Pesa ya kodi yenyewe naitenga kila Ijumaa. Nilichukua kodi niliyolipa mwaka uliopita nikaigawa kwa mauzo ya mwaka huo, ikaja kama 6 kwa kila 100, nikaamua kutenga 8 ili kuwe na nafasi biashara ikipanda. Inaenda akaunti ya pembeni isiyo na kadi. Baada ya hapo natoa ya kodi ya fremu na ya kununulia vifaa, halafu najitumia changu kiasi kimoja kwa mkupuo mmoja kwenda laini yangu binafsi. Huko nikinunua viatu au nikichangia harusi hakuna anayehusika.

Ijumaa hadi Ijumaa ni mbali lakini. Mtoto anakuja saluni Jumanne, "Mama, mwalimu kasema daftari la hesabu leoleo," na pochi yangu haina kitu. Siwezi kumrudisha. Natoa kwenye droo, naandika palepale mbele yake kwenye safu ya MIMI, na Ijumaa najitumia pungufu ya hicho kiasi. Siiiti mkopo, kwa sababu nilipokuwa naiita mkopo sikuwa nairudisha na droo ilikuwa haifungi wiki nzima.