Ratiba ya harusi ya mdogo wangu, toleo la nne

Zimebaki siku tisa. Toleo la tatu la ratiba nimelichana, na aliyenifumbua macho ni mtu wa keki. Nilimwandikia "9:00 keki ifike ukumbini." Akanipigia: "Dada, asubuhi yote hiyo ukumbi utakuwa wazi?" Kumbe kasoma saa ya simu, mimi niliandika ya kwetu. Sasa kila mstari una zote mbili: saa 9:00 alasiri, 15:00.

Kazi kubwa wiki hii ilikuwa kipande cha kutoka kanisani Kirumba hadi ukumbini Nyegezi, kwa sababu bibi harusi anataka picha kwenye mawe ya Capri Point na jua halimsubiri mtu. Tunategemea lizame karibu saa 12:50 jioni, basi nikahesabu kurudi nyuma. Jumamosi, saa ileile ya msafara, mjomba Masanja alinipitisha njia nzima kwa gari lake. Kirumba hadi Capri Point tulitumia dakika 25, nyingi zikiishia karibu na Mwaloni nyuma ya malori ya dagaa. Nimeandika 30.

Kwa hiyo: misa iishe saa 10:30. Sahihi za vyeti hadi 10:45, msimamizi Kabula, matroni. Picha za ndugu hadi 11:05, msafara uondoke 11:10. Picha za ziwani 11:40 hadi 12:15, kisha Nyegezi saa 12:50.

Hizo picha za ndugu ndizo zilizonitesa. Toleo la tatu lilisema "kamati." Nikauliza kikaoni nani hasa atawaita akina shangazi wasimame mstari, watu saba wakanitazama. Tukamwandika Masanja, maana ana sauti na anawajua ndugu wa pande zote.

Nilidhani yamekwisha. Kisha nikaipanga ratiba upya kwa majina badala ya saa, nikaona Masanja saa 11:00 anaita ndugu na saa 11:00 hiyohiyo anapanga magari ya msafara nje ya geti. Ukiisoma kwa saa huoni kitu, kila mstari una mtu wake. Magari nimempa binamu Daudi. Kabula naye alikuwa kanisani na ukumbini kwa wakati mmoja. Kupokea keki sasa ni kwa Mama Neema, ambaye haji kanisani kabisa. Mama yetu na bibi harusi hawana hata mstari mmoja, na simu zao siku hiyo anashika Rehema.

Kila mtu nimemtumia mistari yake tu kwenye Wasapu. Ratiba nzima ninayo mimi na mshereheshaji.

Bado mstari wa saa 1:10 usiku, maharusi kuingia. Mshereheshaji anataka wageni wawe wameanza kula. Kabula anasema hakuna sahani itakayofunuliwa kabla bibi harusi hajakaa. Kikao ni Jumatano.