Namna nilivyoacha kuwatisha akina mama dukani kwangu

Nauza nguo za watoto wachanga na daipa. Nyuma ya meza yangu imebandikwa karatasi yenye maneno ambayo mimi na msichana anayenisaidia tunamwambia kila mama aliyejifungua karibuni. Nimeiandika upya mara nne, na hii ya nne najivunia kwa sababu akina mama wanaondoka wamebeba vitu vichache na nyuso zimetulia.

Maneno ya kwanza niliyaandika kwa kumsikiliza mtu aliyenitangulia katika biashara. Aliniambia mama mchanga ana hofu, kwa hiyo mguse hapohapo kwenye hofu, atanunua. Basi nikaandika kwamba ngozi ya mtoto ni laini, daipa isiyofaa itamchubua, baridi ya usiku ni hatari, na mama anayejali hasubiri. Siku za mwanzo tuliuza sana. Kisha wakaanza kurudi na pakiti zilizofunguliwa na maswali tusiyoweza kuyajibu. Ushauri ule bado unanikera, maana mtu anayeutoa haoni mama akirudi.

Mmoja ndiye aliyenifanya niichane karatasi ile. Mtoto wake alikuwa na siku tisa. Alikuja mara ya kwanza akisema daipa zinavuja, hasa usiku, na kila zikivuja anabadilisha nguo zote. Msaidizi wangu akasoma maneno yetu akamuuzia za usiku, zile nene. Kesho yake akarudi, bado zinavuja. Safari hii nilimhudumia mwenyewe, nikamwuliza mtoto ana umri gani, nikampa pakiti ya aina nyingine ambayo wengi waliisifia. Mara ya tatu aliingia macho yamevimba, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto wake ana ugonjwa wa kukojoa sana.

Nilimpa kiti. Nikamwomba anionyeshe daipa moja kwenye mkoba wake, kisha nikaomba kadi ya kliniki. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1, akapungua kidogo siku za mwanzo kama watoto wengi wanavyopungua, na sasa alikuwa amerudia kilo zake za kuzaliwa. Pakiti zote tatu, ile aliyonunuliwa na ndugu zake na hizi mbili zangu, zilikuwa za kilo 4 hadi 9. Ndugu walimwambia achukue kubwa ili atumie muda mrefu. Sisi tulimwongezea unene, tukabadilisha aina, hatukugusa saizi.

Ukimvika mtoto wa kilo 3 daipa ya kilo 4 hadi 9, mapajani panabaki uwazi. Mkojo wa mtoto hutoka kwa mara moja na kwa kasi, na daipa inahitaji muda kidogo wa kuunyonya. Kama lastiki haijakaa kwenye paja, mkojo unapita pembeni kabla haujanyonywa, na unene hausaidii kitu. Nilimpa saizi ndogo kabisa, ya kilo 2 hadi 5, pakiti moja tu. Zile kubwa nikamwambia aziweke kabatini. Mtoto akiongezeka vizuri kwa gramu 25 hadi 30 kwa siku, kutoka kilo 3.1 hadi 4 ni kama wiki tano, basi zitamfaa zikifika zamu yake. Alinipigia simu asubuhi yake kusema amelala.

Tangu siku hiyo karatasi inaanza hivi:

"Hongera mama, na pole kwa uchungu. Karibu ukae kwanza. Mtoto alikuwa na kilo ngapi mlipompima mara ya mwisho?"

Kiti kinatangulia kwa sababu wengine wana nyuzi, na mama aliyesimama kwa maumivu husema ndiyo kwa kila kitu ili amalize aondoke. Swali la kilo linafuata, na la umri nimelifuta kabisa. Watoto wawili wa mwezi mmoja wanaweza kupishana kilo nzima na zaidi, halafu namba za saizi hazilingani kati ya watengenezaji, kwa hiyo tunasoma kilo zilizoandikwa kwenye pakiti.

Sentensi inayofuata ndiyo iliyonigharimu mauzo, na siifuti:

"Chukua za wiki moja tu. Wiki hizi anabadilika haraka."

Kwa mtoto mchanga tunahesabu daipa kama kumi kwa siku, kwa hiyo sabini zinamtosha wiki. Anayetaka nyingi kwa sababu nyumbani ni mbali namwuzia, ila namwahidi kwamba pakiti ambayo haijafunguliwa nitambadilishia saizi.

Kisha tunavalisha. Nina mwanasesere ambaye nilimpasua mgongoni nikamjaza mchanga mkavu mpaka akafika kilo 3, nikamshona. Alinichukua jioni mbili, maana mara ya kwanza alivuja mchanga kwenye kwapa na mara ya pili shingo ilikuwa ngumu kama gogo, ikabidi nimtoe mchanga kidogo ili kichwa kilegee kama cha mtoto. Mama akimshika, mikono yake yenyewe inakumbuka. Tunamwambia:

"Funga vibandiko, kisha pitisha vidole viwili kiunoni. Vikipita bila kusukuma, inatosha. Sasa pitisha kidole kuzunguka paja, uyatoe nje marinda yote."

Hayo marinda ya mapajani ndiyo yanayosahauliwa sana. Yakikunjamana ndani, hata daipa ya saizi sahihi itavuja. Kama mtoto ni wa kiume tunaongeza kwamba uume uelekezwe chini, kwa sababu ukielekea juu mkojo hutokea tumboni. Na kama kitovu hakijadondoka, ukingo wa mbele ukunjwe uwe chini ya kitovu kipate hewa kikauke. Hapo nanyamaza, mama avalishe mwenyewe mara mbili. Siku atakapoona vibandiko vinafika kwa shida, mapaja yana alama nyekundu zisizofutika upesi, au choo kinapanda mgongoni, ajue saizi imeanza kuwa ndogo.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya vijiko vitatu. Karibu kila mama aliuliza, "Nitajuaje kama amekojoa? Daipa kila mara naiona kavu." Nilikuwa nikijibu, "Utaijua tu," jibu la mtu aliyekwisha kulea. Daipa za siku hizi hunyonya mpaka juu panakuwa pakavu, na kojo la mtoto wa siku nne ni kidogo. Sasa nachukua daipa kavu, namimina vijiko vitatu vikubwa vya maji mbele yake, nasubiri kidogo, kisha nampa hiyo mkono mmoja na nyingine kavu mkono wa pili.

"Hiyo nzito ndiyo daipa yenye mkojo. Hesabu hizo tu."

Nimeona uso wa mama ukifunguka hapo mara nyingi. Mmoja alikaa na zile daipa mbili, akizipandisha na kuzishusha kama mizani, akasema, "Kumbe amekuwa akikojoa." Alikuwa ameshinda siku mbili akiamini maziwa yake hayatoshi.

Baada ya hapo tunampa hesabu yenyewe: siku ya kwanza huweza kuwa moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, na kuanzia siku ya tano kuendelea ziwe sita au zaidi kwa usiku na mchana. Choo huanza cheusi cha kunata, kinageuka kijanikijani, kisha njano. Namshauri aweke alama kwenye karatasi kila anapobadilisha, kwa sababu saa tisa za usiku kichwa hakihesabu.

Sasa kuna mstari mwekundu kwenye karatasi yangu, na chini yake hatuuzi. Mama akisema daipa zenye mkojo ni chini ya sita na mtoto amepita siku ya tano, au analala mno na kunyonya hataki, au mwili wake umefika nyuzi 38, au kitovu kinanuka na ngozi inayokizunguka ni nyekundu, tunasema:

"Mama, hili si la dukani. Mpeleke kliniki leo, usingoje kesho. Vitu vyako nitakuwekea."

Msaidizi wangu mwanzoni aliona vibaya kumwachia mteja aende mikono mitupu, akawa anaongeza krimu moja. Nilimkataza, kwa sababu mama akishika krimu anaona amekwisha kutibu, na anachelewa.

Kwa wekundu wa kawaida wa makalio maneno ni machache: badilisha mapema, safisha kwa maji, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, mwache wazi kidogo apate hewa, kisha paka krimu yenye zinki. Poda hatuuzi tena, maana vumbi lake mtoto hulivuta kifuani. Wekundu mkali ulioingia kwenye mikunjo na kuzungukwa na vidoadoa huwa mara nyingi ni fangasi, na huo unakwenda kliniki.

Nguo nimezipa nafasi ndogo. Hofu kubwa ni baridi, na mama hupima kwa kugusa mikono ya mtoto, ambayo kwa mtoto mchanga huwa ya baridi hata akiwa na joto la kutosha. "Gusa kisogo chini ya nywele, au kifua. Pakiwa na jasho, punguza nguo moja." Kanuni ni nguo moja zaidi ya zile unazovaa wewe, na kofia za kulalia ndani nimeacha kuzisukuma. Soksi tunazigeuza ndani nje palepale mezani, tunakata nyuzi zilizolegea, kwa sababu uzi mmoja unaweza kukizunguka kidole cha mguu na kukibana mpaka kivimbe.

Halafu zile vesti zenye mabega yaliyopishana. Nilidhani ni urembo mpaka siku nilipoonyeshwa na bibi mmoja aliyekuja na binti yake. Mabega yale hupanuka, kwa hiyo choo kikipanda mgongoni unaivua vesti kwa kuishusha kuelekea miguuni, haipiti usoni. Sasa namvua mwanasesere wangu hivyo mbele ya kila mama.

Kilichonisumbua mwisho ni akina baba waliotumwa, ambao husema "za mtoto mdogo" na kuangalia saa. Kwao karatasi ina sentensi moja: "Baba, mpigie mama mtoto umwulize kilo, nakungoja." Wengi hupiga. Asiyepata simu namwuzia pakiti ndogo kabisa, naandika juu yake kwa kalamu, "Kama hajaifungua, arudishe."