Akiba ya milioni 19.8 iliyobaki milioni 3.36: nilivyoiandaa taarifa ya zabuni zangu

Mimi ni ofisa ununuzi katika taasisi yenye dakhalia mbili, moja Unguja na nyengine Pemba. Nilipoitwa kwenye usaili wa kupandishwa cheo nilitakiwa nieleze, kwa muda wa dakika 15, zabuni nilizozisimamia katika mwaka mmoja wa fedha, fedha nilizookoa kutoka kwa wazabuni, na namna nilivyofuata sheria. Zabuni zilikuwa 14. Nilizipanga zote katika jedwali moja, nikajumlisha safu ya mwisho, na nikafurahishwa na namba niliyoiona.

Kabla ya siku ya usaili nilimpelekea mjomba wangu aisome taarifa hiyo, kwa kuwa alifanya kazi ya ukaguzi wa hesabu mpaka akastaafu. Aliisoma akiwa amekaa barazani, akafika kwenye mstari wa mchele ulioandikwa akiba ya shilingi 19,800,000, akavua miwani.

"Mwanangu, hizi pesa ziko wapi?"

Nikamwambia zimeokolewa.

"Nimefahamu. Ziko kwenye akaunti gani?"

Sikuwa na jibu, na ndipo nilipoanza kuifanya upya kazi niliyodhani nimeshaimaliza. Nitaueleza mstari huo mmoja wa mchele, kwa sababu mingine 13 ilikuwa na kosa lile lile kwa viwango tofauti.

Tulihitaji kilo 36,000 za mchele wa mapembe kwa mwaka, yaani kilo 21,000 za Unguja na kilo 15,000 za Pemba. Bajeti iliwekwa kwa makadirio ya shilingi 2,600 kwa kilo, na mkataba ukafungwa kwa bei ya wastani ya shilingi 2,050. Tofauti ni shilingi 550, na ukiizidisha kwa kilo zote unapata hiyo milioni 19.8 niliyokuwa nikijivunia. Lakini shilingi 2,600 haikuwa bei ya mtu yeyote. Niliiandika mimi mwenyewe wakati wa kuandaa bajeti, nikachukua bei ya mwaka uliopita na kuongeza kidogo kwa tahadhari, kama tunavyofanya sote. Ofisa anayehesabu akiba kwa kutoa bei ya mkataba kwenye makadirio yake mwenyewe anaweza kujipatia akiba yoyote aitakayo. Inatosha akadirie juu. Na fedha yenyewe, kama mjomba alivyoshuku, haikubaki popote: ilihamishiwa kasma nyengine kabla ya mwaka kwisha.

Kwa hivyo nikaanza kutoka kwenye bei iliyolipwa kweli. Mkataba wa mwaka uliotangulia ulikuwa shilingi 2,300 kwa kilo, pahala pote pawili. Ukitoa 2,050 unabaki na shilingi 250, ambazo kwa kilo 36,000 ni milioni 9. Hapa maofisa wengi husimama, na hata mimi ningesimama, lau si kwamba katika jalada la kila zabuni huwa natia karatasi ya bei za soko ninazozikusanya mwezi wa kufungua zabuni, kutoka maduka matatu ya jumla ya Darajani na Mwanakwerekwe. Karatasi ya mwaka wa nyuma ilionesha wastani wa shilingi 2,000, na ya mwaka huu shilingi 1,850. Soko lenyewe lilishuka kwa shilingi 150. Hata ningelala usingizi mwaka mzima, mzabuni angeshusha bei kwa kiasi hicho au karibu yake. Shilingi 150 kwa kilo zote ni milioni 5.4, na hizo si zangu. Zilizobaki ni shilingi 100 kwa kilo, yaani milioni 3.6.

Hizo shilingi 100 zilikuwa na sababu niliyoweza kuieleza. Miaka yote tulikuwa tukitangaza mchele kama fungu moja, mzabuni mmoja apeleke Unguja na Pemba. Wafanyabiashara wa Chake Chake na Wete, ambao mchele wao umeshafika Pemba na umo katika maghala yao, hawakuweza kuomba kwa sababu hawana la kufanya Unguja. Wale wa Unguja waliokuwa wakiomba walitia nauli ya meli mpaka Mkoani, upakuaji na gari ya kufikishia mzigo dakhalia, kisha wakaisambaza gharama hiyo juu ya kilo zote, pamoja na zile zisizovuka bahari. Mwaka huu tuligawa zabuni hiyo hiyo katika mafungu mawili. Wazabuni walikuwa watatu mwaka wa nyuma. Safari hii fungu la Unguja lilipata watano na la Pemba wanne. Unguja ilifungwa kwa shilingi 2,000 na Pemba kwa shilingi 2,120.

Nilijua kwamba neno "tuligawa" litawashtua wajumbe, na ni haki yao washtuke. Kuivunja zabuni vipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango cha ukomo, na hivyo kukwepa ushindani wa wazi, ni kosa. Mafungu ni jambo jengine. Tangazo linakuwa moja, siku ya ufunguzi moja, na njia ya ununuzi huchaguliwa kwa kuangalia thamani ya mafungu yote kwa pamoja. Katika taarifa niliweka namba ya tangazo na ukurasa wa kumbukumbu za Bodi ya Zabuni ambamo jumla ya mafungu mawili ilitumika kuchagua njia, ili anayetaka kuhakiki asinisikilize mimi bali afungue jalada.

Jambo la pili nililolieleza kwa kirefu ni uzito. Mkataba wa Pemba ulisema polo liwe na kilo 50 za mchele mtupu, bila ya uzito wa polo lenyewe, wakati wa kupokelewa ghalani. Bi anayetunza ghala letu alinipigia simu baada ya mzigo wa kwanza, mapolo 60, akaniambia mapolo mengine anayanyanyua kwa wepesi kuliko kawaida yake. Alipima kumi, na mengi yalikuwa pungufu. Niliposafiri kwenda kuangalia, nikakuta mizani yetu ina stika ya uhakiki iliyopita muda wake kwa miezi saba. Mzabuni alipoambiwa alijibu, kwa adabu kabisa, kwamba mizani isiyohakikiwa haiwezi kumshitaki. Alisema kweli. Mzigo ule tukaulipia kilo 3,000 kamili.

Wakaguzi wa vipimo waliihakiki mizani kabla ya mzigo wa pili, nayo tukaikuta haina kasoro, jambo lililoniuma zaidi. Mzigo wa pili tuliupima polo kwa polo mbele ya dereva. Mapolo 60 yalitoa kilo 2,934, yaani wastani wa kilo 48.9. Mzabuni akasema mchele umekauka njiani. Mchele hupungua uzito kwa kukauka, hilo sikulikataa, lakini mzigo uliosafiri pamoja ungekauka kwa kiasi kinachokaribiana, na hapa kulikuwa na mapolo yenye kilo 50 kamili pembeni ya yenye kilo 48.2. Bi mtunza ghala ndiye aliyetuonesha mdomo wa mapolo mapungufu: mshono wa kiwandani ni mstari mmoja ulionyooka, na juu ya mengine kulikuwa na matundu ya mshono wa zamani, kisha mshono mpya umepita kando yake. Yalikuwa yamefunguliwa na kushonwa tena. Nani aliyefungua na wapi, hatukujua, na sikuandika tuhuma yoyote. Hati ya kupokelea mali iliandikwa kilo 2,934, ikatiwa saini na pande mbili, na malipo yakafuata hati. Upungufu wa kilo 66 kwa shilingi 2,120 ni shilingi 139,920. Mizigo mitatu iliyofuata ilikuja kamili.

Fedha hizo sikuzitia kwenye akiba. Niliziweka peke yake kama malipo yaliyozuiliwa, kwa sababu bei haikushuka. Tulikataa tu kulipia kitu kisichofika.

Upande wa kufuata sheria, taarifa yangu ya mwanzo ilikuwa na sentensi moja: zabuni zote zilifuata Sheria Namba 11 ya 2016. Mjomba aliikata kwa kalamu bila ya kusema neno. Badala yake nikaandika, kwa kila zabuni, tarehe ya kutangazwa, ya kufunguliwa, ya ripoti ya tathmini na ya kusainiwa mkataba, na pale ambapo pengo lilikuwa refu nikaeleza kwa nini. Pengo moja lilikuwa langu. Zabuni ya mafuta ya kupikia ilikuwa na uhalali wa siku 90. Tathmini ilichelewa kwa sababu mjumbe mmoja wa kamati alisafiri, na mimi nikasahau kuwaandikia wazabuni kuwaomba waongeze muda kabla ya siku hizo kwisha. Ombi la namna hiyo lina maana likitumwa zabuni ikiwa bado hai. Nilikumbuka siku ya 96. Tukatangaza upya, na kwa miezi miwili tukanunua lita 600 kwa bei za kuulizia madukani, kwa shilingi 400 zaidi kwa kila lita kuliko mkataba uliokuja baadaye. Hizo ni shilingi 240,000. Nilizitoa kwenye ile milioni 3.6, ikabaki milioni 3.36, na nikaandika sababu katika mstari unaofuata.

Siku ya usaili nilionesha kurasa tatu: mchele, mafuta na jedwali la tarehe la zabuni zote 14. Mjumbe mmoja aliniuliza nina hakika gani kwamba shilingi 100 zote zilitokana na mafungu. Nikamjibu kwamba sina. Ninachojua ni kwamba zilikuja baada ya mafungu, wazabuni walipoongezeka, na kwamba soko pekee halizielezi. Mwengine, mzee aliyekuwa kimya tangu mwanzo, alirudi kwenye ukurasa wa mchele na kuuliza mizani ile ya Pemba imehakikiwa mpaka lini. Nikamtajia mwezi. Akaandika.