Daftari la duka la vifaa: leo nimefika kwenye rejesho na debiti noti

Naendelea na lile daftari la Google Sheets ninalomtengenezea dada, duka lake la vifaa vya ujenzi liko Nkuhungu hapa Dodoma. Mzigo ukirudi kabla invoisi haijaingizwa hakuna kazi, unapokea pungufu basi, shida ni pale invoisi ishakaa kitabuni ndo maboksi yanafunguliwa.

Mfano ninaojaribia: vigae boksi 40 kwa sh 25,000, yaani 1,000,000, VAT asilimia 18 ni 180,000, deni la saplaya 1,180,000. Boksi 6 zimepasuka, zinarudi. Dada akasema si ufute tu uandike 34, nikamwambia dada hapana, invoisi inasema 40, risiti ya EFD inasema 40, ukigusa hapo kitabu chako hakitafanana na karatasi yoyote.

Kwa hiyo invoisi inabaki ilivyo, chini yake inaingia debiti noti yenye namba ya invoisi, idadi, bei ileile ya kununulia na sababu ya kurudisha. Debiti wadai 177,000, krediti stoo 150,000, krediti VAT ya manunuzi 27,000. Hiyo VAT ndo inasahaulika sana. Ukitoa 150,000 peke yake deni linasoma 1,030,000 badala ya 1,003,000, na ukiziangalia hizo namba mbili utadhani mtu kageuza tarakimu wakati wa kuandika, utatafuta kosa la kuchapa mpaka jioni kumbe ni kodi ya mzigo ambao huna tena.

Nimeongeza pia safu D ya invoisi inayohusika, E deni kupanda, F deni kushuka:

```
=SUMIFS(E:E,D:D,"INV-214")-SUMIFS(F:F,D:D,"INV-214")
```

Inatoa 1,003,000. Bila D jumla ya saplaya itakuwa sawa tu, ila kwenye orodha ya malipo yaliyofika muda INV-214 bado inaonekana 1,180,000 nzima na debiti noti inaelea pembeni, anayelipa atalipa yote.

Sasa debiti noti ni dai la kwetu, saplaya hajakubali mpaka atoe krediti noti yake, na mpaka hapo stetimenti yake itasema 1,180,000. Ndo maana nimeweka safu ya namba ya krediti noti, ikiwa tupu basi ile tofauti ya 177,000 inajulikana imetoka wapi. Akikubali boksi 4 tu, akasema 2 zilipasuka wakati wa kushusha dukani, zile 2 zinarudi kwenye deni: krediti wadai 59,000, debiti VAT 9,000, na 50,000 inaenda hasara, siyo stoo, sababu vigae vyenyewe haviuziki. Deni linakaa 1,062,000 na linalingana na la kwake.